Mstari Mtupu kwenye Kitabu Chako cha Alama

Makwasinyi, Jumapili alasiri

Mwanangu Wakesho,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo humuuma akienda shambani na kupona akialikwa harusini. Ndovu walipita juma lililopita wakamaliza ndengu zote, wakaacha mihogo. Sijui mihogo yangu imewakosea nini. Na wewe je, baridi ya Voronezh imepungua? Unakula?

Sasa nije kwa lililonishikisha kalamu; barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo hii. Ulipotutumia picha ya ukurasa wa zachotka, kile kitabu chenu cha alama, niliona nne, nne, tano, na sahihi za walimu. Niliionyesha kanisani, kisha nikamwonyesha hata fundi wa baiskeli, ambaye hakuuliza. Mstari wa anatomia ulikuwa mtupu. Nikadhani mwalimu hajakufikia.

Jumatatu nilikwenda Mwatate kununua dawa ya mbuzi, nikampitia yule daktari mstaafu wa mifugo aliyesomea huko Urusi ujanani. Akaishika simu yangu, akaitazama picha kwa muda.

"Baba Wakesho, huyu msichana ameanguka anatomia."

"Mbona haijaandikwa?"

"Huko tano ndiyo ya juu, na mbili ni kuanguka, nayo haiandikwi kwa kitabu cha mwanafunzi. Inabaki kwa karatasi ya ofisi. Ukiona nafasi, jua."

Nilirudi nyumbani na dawa ya mbuzi. Nilikasirika, sitaficha, na si kwa kuanguka kwako bali kwa kunyamaza kwako. Ndipo nikakupigia Jumanne, nawe ukalia na kunieleza yote: kwamba umerudia mtihani mara moja ukaanguka tena, na kwamba imebaki mara ya mwisho, Alhamisi ijayo, mbele ya jopo la walimu. Ukishindwa hapo chuo kinakuondoa, viza inakatwa, na miaka mitatu, ukihesabu ule mwaka wa kujifunza Kirusi, inaishia hapo.

Nilikuuliza kama mifupa unaijua. Ukasema, "Naijua yote, baba, kwa Kilatini na kwa Kirusi." Nakuamini. Hujawahi kunidanganya kwa maneno, umenidanganya kwa mstari mtupu tu.

Maelezo yako nilimpelekea daktari kwa simu, hatua kwa hatua. Kwamba ulivuta tiketi mezani, kile kikaratasi chenye maswali yako, ukasoma namba yake, ukapewa muda wa kuandika mambo yako kwenye karatasi. Kwamba ulipoitwa ulikaa mbele ya mwalimu wako, Galina Petrovna, ukamsalimu kwa jina lake na la baba yake kama inavyotakiwa, ukainamisha macho, ukangoja aulize. Naye akangoja. Mara ya pili ulisema sentensi moja, ukatulia akuruhusu kuendelea, na hakukuruhusu, maana hakujua kama anaombwa ruhusa.

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi pia ilinipata. Huko ukishavuta tiketi, zamu ni yako. Unaanza mwenyewe. Unamwangalia usoni, unasema mpaka akukatize. Akikukatiza kwa swali lingine, hiyo si hasira, ndio mtihani wenyewe. Ukinyamaza, kwake hujui kitu."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Wakesho, hilo nilikufundisha mimi. Ulikuwa mtoto wa maneno mengi. Wageni wakija ulikuwa ukiwaeleza habari za kuku mmoja mmoja, nami nilikufinya chini ya meza nikakwambia mbele ya mkubwa unaangalia chini na kungoja kuulizwa. Ulijifunza upesi, nami nikasifiwa kwa malezi. Sasa malezi yangu yamekuangusha mara mbili. Naumia, na nakuomba radhi. Sina tena sababu ya kukukasirikia.

Kwa hiyo tufanye hivi. Andika maswali ya tiketi zote kwenye vikaratasi, uvilaze kifudifudi juu ya kitanda. Saa zenu na zetu ni zile zile, kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili jioni nitakupigia kwa video. Mama yako anasema hata yeye atakaa, goti litake lisitake.

Shangazi yako wa Mwatate anakusalimu, na bibi anauliza kama huko kuna uji. Mchungaji anakuombea, ila sijamwambia ni kwa sababu gani.

Nitakapopiga kesho, usinisalimie wala usingoje nikuulize. Vuta kikaratasi, niangalie machoni, uanze, kwa Kirusi. Sitaelewa hata neno moja, lakini ukinyamaza nitajua.

Ni mimi baba yako,
Mwadime