Nisubiri, Bila Alama

Mwanangu wa kwanza,

Nakusalimu wewe na baba watoto, na wajukuu zangu nawabusu mmoja mmoja. Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Usimvue sweta hata akilia. Mimi mzima, ni magoti tu yananisuta nikiinama. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku aliyekanyaga masizi, nivumilie.

Nakuandikia habari za mdogo wako. Ile riwaya yake ni juu ya yule mgeni wake asiyejua Kiswahili vizuri, fundi wa vifungo pale kiwandani mdogo wako anapokata vitambaa, yule tuliyemwita Bibi Ndiyo kwa sababu kila ulichomwambia alijibu ndiyo. Siku ile nilimuuliza kama nimtie chumvi au sukari, akasema ndiyo. Tulicheka, naye akacheka kuliko sisi.

Basi maneno yao ndiyo yalimshinda kuandika. Mara ya kwanza aliwafanya wote wawili waongee kama watangazaji wa redio. Akachana. Mara ya pili akampa mwanamke Kiswahili cha kuvunjikavunjika, mimi taka, wewe kuja. Nikamwambia, baba, umemfanya mtoto mdogo, na kwao yule alikuwa mtu mzima mwenye maneno yake. Kesho yake akaanza upya. Sasa mwanamke akisema kwa lugha ya kwao, anaandika kile tu mwanamume anachokidaka: mikono yake, pumzi, neno moja analolijua. Na wakijibizana, majibu hayakai sawa na maswali. Anamuuliza kama anasikia baridi, naye anajibu kuwa kitambaa kimetoka sokoni. Kila mmoja anajibu swali alilodhani kaulizwa. Maneno yake machache yanabeba mizigo mingi. Moto ni pasi, ni homa, ni hasira. Na kupenda alisema napenda, basi, bila kusema anapenda nini, chai au mtu.

Mchana nikimaliza vyombo ananikalisha mezani tusome kwa sauti, yeye mwanamume, mimi mwanamke. Kusoma kwangu unakujua, nashika silabi kwa kidole, sauti imelala kama mkeka. Tukafika pale stendi, baba yake bibie anaumwa, anarudi kwao, amesimama mlangoni mwa basi. Nikasoma, ni-su-bi-ri. Mdogo wako akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka kalamu chini.

Akafungua kurasa za nyuma, akanionyesha maswali yote ya yule binti. Chai ipo. Mama amelala. Umechoka. Yote yalikuwa maswali, na yote aliyasema bila kupandisha sauti mwishoni, ndivyo lugha ya kwao ilivyo, na mdogo wako mwenyewe ndiye aliyeyawekea alama ya kuuliza alipoandika. Pale stendi tu aliweka nukta. Akaniambia, "Mama, nikiweka nukta ananiambia nimngoje. Nikiweka alama ya kuuliza, ananiuliza yeye aningoje."

Mwanangu, nikalishika lile neno kwa kidole tena. Angesema nikusubiri tungejua, lakini hiyo ku ya katikati hakuiweza hata siku moja. Na mdogo wako alimjibu ndiyo. Akarudi nyumbani akangoja. Kwenye simu hawakuwezana, mikono haionekani, wakawa wanapumuliana tu, mpaka namba ikakatika. Tukasema kamtupa. Mimi nami nilisema. Jirani akasema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu kaja mwenyeji kaugua.

Nilimpeleka mwenyewe kwa mpiga pasi wa kiwandani, mama mmoja wa kwao yule binti, akatupigia simu kwa ndugu wa huyo binti. Waliongea sana kwa lugha yao, sisi tumekaa kwenye benchi tunatazama mdomo wake. Alipokata alifuta macho kwanza. Akasema binti alikuwa anakaa barabarani kila basi likija, akirudisha wachumba, hadi baba yake akafa na wajomba wakamwoza. Sasa ana mtoto mgongoni. Binti naye alipewa simu, akaomba tupewe neno moja, akalitamka mwenyewe kwa Kiswahili ili lisiharibike njiani: "Nilisubiri."

Hilo halina maana mbili, mwanangu. Mdogo wako aliuliza tu kama mume ni mtu mwema. Akaambiwa ndiyo. Akashukuru, akarudi kukata vitambaa.

Kitabu anakimalizia. Pale stendi ameacha neno peke yake, hakuna nukta wala alama, na wa uchapaji kamwandikia kuwa amesahau kitu. Hajamjibu. Anakula kidogo, usiku namsikia anakohoa akijifanya ana mafua.

Ukimpigia, usimwambie pole, wala usimuulize kitabu. Mweleze watoto wanavyokusumbua, ongea tu, hata upuuzi, umjaze masikio. Kwa lugha yetu, mama, anayoielewa yote.

Wasalimie wa hapo. Mimi nakuombea kheri,

Mama yako