Leo Nimemuaga Mzee Kondo Mbele ya Zamu Mbili

Ijumaa. Mvua ya masika imetunyeshea tangu alfajiri, na Temeke yote ni tope. Nimefika kazini Chang'ombe viatu mkononi, hotuba imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Mimi nililowa, karatasi haikulowa.

Sasa ni usiku, nimekaa kitandani, na mwili bado unanisisimka. Naandika kabla sijaanza kujidanganya kwamba nilijua yatakavyokuwa.

Mzee Kondo alikuwa mpaka mafuta pale kiwandani kwetu, kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kupita na kopo lake kwenye kila mtambo, akilainisha vyuma. Alifariki Jumamosi iliyopita, akazikwa kesho yake kwao Mbagala. Meneja akaniambia kikao cha wafanyakazi cha Ijumaa kitaanza na maombolezo, na hotuba niandike mimi na kuisoma mimi, kwa kuwa ndimi katibu wa kamati ya wafanyakazi. Ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu ndiye ninayechapa barua za ofisi, na nachapa haraka kuliko wenzangu.

Nikiri jambo. Hotuba ya msiba tunayo tayari. Iko kwenye droo yangu miaka mingi: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mtiifu, mpenda watu na mjamaa wa kweli. Pengo lake halitazibika." Akifa mtu, nabadilisha jina tu. Mwaka juzi nilisahau kulibadilisha sehemu moja, na fundi umeme wetu akaagwa kwa jina la mpishi aliyemtangulia. Watu waliinama kuficha vicheko, mjane akanitazama. Jicho lile sijalisahau.

Hata hivyo Jumatatu nilianza kuchapa ileile.

Nilichohitaji ni tarehe ya kuajiriwa tu, ndiyo maana nikafungua faili lake. Lilikuwa jembamba. Barua ya ajira, cheti cha daktari, na barua moja ya onyo kali, ya miaka saba iliyopita: Ndugu Kondo amezima mitambo ya idara nzima bila ruhusa, pamba imeharibika, zamu imepoteza saa za kazi, hatapandishwa cheo. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na herufi mbili za mwanzo wa majina ya mchapaji.

Zilikuwa herufi zangu.

Sikukumbuka hata kidogo kuichapa. Nikalifunga faili, nikasema marehemu hasemwi vibaya, nikaendelea na "mchapakazi, mtiifu".

Jumanne jioni nikaenda matangani Mbagala. Hapo ndipo Maganga alipoingia. Maganga ni bawabu wetu, Mnyamwezi, na Mzee Kondo alikuwa Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na mtani msibani ana ruhusa zake. Alifika amevaa ovaroli ya marehemu kinyumenyume, kopo la mafuta mkononi, akajilaza katikati ya mkeka wa wanawake.

"Niacheni nipumzike! Mie Kondo, mvivu wa Kizaramo! Nikichoka nazima mashine ya serikali, nalala!"

Msiba mzima ulicheka. Hata mjane, Bi Mwanahawa, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na ndiyo kazi ya utani, kumpumzisha mfiwa kidogo. Mtu mmoja tu hakucheka. Zuhura, wa idara ya kuchana pamba, aliinuka akatoka nje, na nilipomfuata nikamkuta ameegemea ukuta wa choo analia kwa kwikwi.

Aliniambia kwa vipande vipande. Miaka saba iliyopita alikuwa mgeni kazini, yuko kwenye majaribio, na ana mimba ambayo hakuthubutu kumwambia mtu. Akawa anajifunga kanga juu ya sare ili tumbo lisionekane. Kanga ni marufuku karibu na mitambo, kila mtu anajua. Siku hiyo pindo likakamatwa na meno ya mtambo, likaanza kumvuta. Mzee Kondo hakupiga kelele, alirukia swichi kubwa na idara yote ikanyamaza. Akaikata kanga kwa kisu, akaing'oa, akaisokomeza ndani ya ovaroli yake. Msimamizi alipofika mbio kuuliza nani amezima, Mzee akajibu, "Mie. Mkono umeteleza."

"Angesema kweli wangenifukuza siku ileile," Zuhura akasema. "Nilimfuata nikamwambia nitajitaja mwenyewe. Akanijibu, nyamaza mwanangu, mie nimeshazeeka na cheo nitakipeleka wapi?"

Mtu huyu nimemsalimia shikamoo kila asubuhi kwa miaka kumi, naye akaniitikia marahaba, mimi niliyechapa onyo lake. Nikaona haya, lakini zaidi ya haya niliona kitu kikubwa mbele yangu, na sikujua nikishike wapi.

Nikamuuliza Zuhura kama naweza kulisema.

"Sema. Jina langu liache."

Usiku ule niliichana ile hotuba ya droo.

Sasa ndipo nilipojua kuandika hotuba ya msiba ni kazi. Dakika tano nilizopewa si nyingi, sifa ishirini zikisemwa haraka hakuna inayobaki kichwani mwa mtu. Nikaamua kisa kimoja tu. Nikaandika jina lake kamili kama familia inavyolitamka, kwao, alianza lini kazi, watoto wangapi. Ugonjwa wake sikuugusa, huo ni wa nyumbani kwake. Sikuandika "sote tulimpenda", maana wengine hawakumjua. Kila sentensi niliifanya fupi, kwa sababu watu wa mitambo masikio yao yamechoka, nikaacha nafasi pana kati ya mistari ili macho yasipotee nikianza kutetemeka. Kisha nikaisoma kwa sauti jikoni, mara nne. Kila nilipokwama niliandika upya.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Mfiwa hashtukizwi mbele ya kadamnasi. Jumatano nikarudi Mbagala kumsomea Bi Mwanahawa peke yake, neno kwa neno. Nilimwambia mwanamke mwenyewe alikuwa mjamzito, ila jina sikumpa.



"Hakuniambia," akasema. "Wenzake wote walipanda, yeye kopo lilelile. Mie nikamwita mzembe. Mwanangu, miaka saba namwita mzembe ndani ya nyumba hii, naye ananiambia ndivyo Mungu alivyopanga, niletee chai."

Nilidhani atanikataza. Akaniambia nisome, na nisipunguze kitu.

Jana nikampelekea Meneja. Alipofika kwenye barua ya onyo aliweka kalamu chini. "Onyo kwenye hotuba ya rambirambi? Unamuaga mtu au unamshitaki?" Yeye alikuja baadaye, hakuwapo enzi hizo. Nikamwambia faili lake lote lina doa hilo moja, na tukilinyamazia tutakuwa tumemzika nalo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninaye shahidi, jina sitoi. Akaisoma tena, polepole.

"Msimamizi wa wakati ule usimtaje. Naye aliona alichokiona."

Hilo lilikuwa sahihi, nikamshukuru. Hotuba ya kumtukuza marehemu haipaswi kugeuka fimbo ya walio hai.

Leo basi. Saa nane, zamu ya asubuhi inatoka na ya mchana inaingia, wote wamejaa kwenye bwalo la chakula, sare zimelowa. Mitambo ilizimwa. Sikuwahi kujua kiwanda kile kinaweza kuwa kimya kiasi kile, tulisikia mvua juu ya mabati. Bi Mwanahawa na wanawe wawili walikaa mbele. Mwenyekiti wa tawi la Chama akatuomba tusimame dakika moja, shehe akasoma dua fupi, kisha nikaitwa.

Nikaanza kwa itifaki, Ndugu Meneja, Ndugu Mwenyekiti, halafu nikawageukia wafiwa na kuwataja kwa majina yao. Nikasoma kwao, kazi yake, kopo lake. Maganga akapaza sauti kutoka nyuma, "Kopo lenyewe lilikuwa linavuja!" na watu wakacheka kidogo, nami nikapata pumzi.

Kisha nikasema kwamba katika faili la Mzee Kondo iko barua moja ya onyo kwa kuzima mitambo. Kicheko kikakatika. Nikasema barua hiyo niliichapa mimi. Nikasema siku ile mwenzetu mmoja alikuwa anavutwa na mtambo, kosa la mwenzetu lilikuwa dogo lakini lingemgharimu kazi, na Mzee Kondo akalibeba, akalinyamazia miaka saba, hata nyumbani kwake. Nikasimama kidogo hapo, kama nilivyofanya mazoezi. Nikasema, "Bi Mwanahawa, mumeo hakuwa mzembe. Sisi ndio tuliomwandikia hivyo. Tunaomba radhi." Nikakunja karatasi.



Ndipo Zuhura akainuka. Hatukupanga hivyo, naapa. Alitoka safu ya tano, akapita kati ya mabenchi, Meneja anamtazama, wasimamizi wanamtazama, mimi moyoni nasema dada kaa chini, utapoteza kazi. Hakukaa. Akapiga magoti mbele ya Bi Mwanahawa, kwenye sakafu ile yenye tope la viatu vya watu mia mbili.

"Shikamoo mama. Ni mie."

Mimi niliyezoea kuamini kwamba maneno ni kitu cha kuchapa na kaboni mbili chini yake, nilisimama pale nimeyaona yakimwinua mtu kutoka kwenye benchi na kumtoa hofu ya miaka saba. Niliogopa, ule woga unaokupata ukiwa mahali patakatifu. Meneja alivua miwani, akaishika tu.

Bi Mwanahawa aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Zuhura. Nilitegemea atalia, au atasema amesamehe, au atamlaani, na angekuwa na haki. Akauliza swali moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia jirani.

"Mtoto alizaliwa salama?"

"Salama, mama. Yuko darasa la kwanza."

"Haya. Alhamdulillahi. Basi Mzee kazi yake aliifanya."

Kikao kiliendelea na ajenda ya pili, sabuni za kunawia. Meneja hakusema lolote kuhusu Zuhura, ila alinipitia mezani jioni na kuniambia hotuba iingie kwenye faili, juu ya ile barua.

Nimeiingiza. Halafu nikabaki nikilitazama kabati lote, faili baada ya faili, na kona zile za chini zenye herufi zangu mbili. Nachapa haraka kuliko wenzangu wote. Ni mangapi nimeyachapa bila kuyasoma?