Akina Mukhtiar Wawili, Marehemu Mmoja

Jumatatu, 8 Oktoba
Nimekufa! Polisi amekuja kuhakiki ombi langu la pasipoti ya hija yetu Masingasinga kule Nankana, ng'ambo ya mpaka, akakuta kwenye rejista kwamba Mukhtiar Singh, mwana wa Bachan Singh, wa kijiji hiki, alifariki Agosti. Aliyefariki ni Mukhtiar Askari, ambaye baba yake naye aliitwa Bachan. Mimi ni Mukhtiar Fundi. Hata mbuzi wa kijijini wanajua! Lakini Askari na Fundi ni majina ya mtaani, hayaandikwi popote. Mke wangu, naye Mukhtiar ila Kaur kama wanawake wetu wote, kacheka mpaka chai ikamwagika. Eti nimpishe kitandani, yeye ni mjane.

Jumatano, 10 Oktoba
Ofisi ya wilaya. Karani kauliza jina la babu. Kishan Singh. Kafungua faili la marehemu — Kishan Singh! Akashika kichwa. Mzee, ninyi mlipanga? Basi andika ukoo wako, kasema. Yeye ni Gill, wewe Matharu, leo hii unafufuka.
Nikakataa. Ukoo unataja tabaka, na tabaka niliapa kuliacha siku niliyokunywa amrit, maji matakatifu ya kiapo chetu.
Njiani mke wangu kanisema vibaya. Kiapo kizuri, lakini Nankana utaenda na mguu upi, wa maiti?

Ijumaa, 12 Oktoba
Makubwa! Malalamiko yangu yamepokelewa, kifo kimefutwa. Kwa hiyo sasa Askari naye yu hai. Mwanawe Lakhvir kaja mbio, jasho linamtoka. Shamba la baba yake haliandikwi jina la mwana, maana mwenye shamba hajafa!
— Baba mkubwa, nakusihi, kufa mpaka Jumatatu tu.
— Kufa wewe!
Mke wangu kamletea lassi, mtindi uliokorogwa. Kanywa huku analia. Nikaona haya. Kijana ana haki yake.

Jumapili, 14 Oktoba
Sikupata raha hekaluni kwetu, gurdwara, leo. Pale pale mlangoni ndipo tulipochuchumaa miaka ile kunywa amrit, mimi na Askari. Yeye mwana wa wenye mashamba, mimi wa mafundi. Bakuli moja la chuma, midomo miwili. Tuliambiwa tuwe kitu kimoja. Tumekuwa! Serikali nzima imeshindwa kututenganisha. Namkumbuka, mjinga yule. Angecheka sana.

Jumatatu, 15 Oktoba
Naandika kwenye benchi la ofisi. Karani kasema mmoja wetu akiandika ukoo, mambo yote yamekwisha: mimi hija, Lakhvir shamba. Nikamwambia Lakhvir, basi andika Gill, mimi sitakulaumu. Kashika kalamu muda mrefu. Kairudisha.
— Baba aliniusia, jina lake liachwe hivyo hivyo, bila ukoo.
Mke wangu akatunyooshea mikate ya roti, kila mtu mmoja.
Karani anaita dirishani: Mukhtiar Singh, mwana wa Bachan Singh!
Lakhvir ameinuka na picha ya marehemu kifuani. Nami nainuka —