Wimbo wa Boay Uliokosa Jina

Boay, rafiki yangu,

Shikamoo sikupi. Tulikuwa rika moja, na kufa hakukuongezei umri.

Ngano imeiva huku Basotu. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka mlimani huwezi kujua shamba linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Kombaini yako amepewa kijana wa Katesh. Anaendesha vizuri, ila anaendesha kimya. Mimi bado napaka grisi, na kila mashine ikikaribia nasubiri mluzi wako. Kisha nakumbuka.

Mluzi huo ndio ulioniletea kazi. Ulipofariki nilidhani ninao kichwani. Baada ya miezi miwili ukabaki nusu, halafu kipande. Mkeo, Mama Paskalina, aliniuliza siku moja tukipepeta mahindi: "Shemeji, ule wimbo wake uliitwaje?" Nikamwambia wewe ulisema ni wa kanisani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike kwenu Tumati. "Huyo? Wa kanisa lipi?"

Basi siku ya mnada, narudi zangu, nikausikia redioni dukani. Boay, niliganda mlangoni kama ng'ombe aliyeona daraja. Ni wenyewe! Gitaa linaanza peke yake, linapanda, linasita, kisha tarumbeta mbili. Lakini mtangazaji alikuwa ameshautaja kabla sijafika. Nikamuuliza mwenye duka. Akasema yeye anauza chumvi, hauzi nyimbo.

Na bila jina, mtu unaombaje? Kadi ya salamu za redio ina mstari wa anayetuma, mstari wa wanaosalimiwa, mstari wa wimbo, na mstari wa ujumbe. Huo wa tatu hauandikwi mluzi.

Nikamwandikia mtangazaji. Mimi niliyejifunzia kusoma kwenye maboksi ya vipuri niliona barua yangu ni tamu sana: "Naomba jina la wimbo uliopiga wiki iliyopita, siku ya mnada, ng'ombe wakirudi majini." Lori la shamba likaipeleka posta Katesh. Tukakaa kusikiliza, mkeo na mimi, betri tumeanika juani kutwa nzima ili zipate nguvu ya nusu saa.

Wiki ya nne akaisoma hewani. "Ndugu yangu wa Basotu," akasema, na nilisikia kabisa anazuia kicheko, "huku mjini hatujui mnada wenu ni lini, na ng'ombe wenu hawatupitii studio. Hiyo wiki iliyopita nayo imeshapita mara nne. Nipe tarehe, saa, na wimbo uliotangulia. Daftari letu la zamu linaandika kila kinachopigwa."

Shamba zima lilisikia. Mpaka leo nikipita karakana wananiuliza, "Mzee wa mnada, ng'ombe wamefika studio?"

Nikaenda kwa karani wa mnada, akanipa tarehe. Saa nikaipata kwa mwenye duka: alikuwa ametoka kusikia taarifa ya habari ya saa kumi, akauza mafuta ya taa kwa watu wawili, ndipo mimi nikaingia. Akakumbuka pia kwamba kabla ya wimbo huo ulipigwa wa mwanamke anayelalamikia mawifi, na baada yake tangazo la sabuni. Nikaandika yote, na maneno matatu niliyoyakamata: "niko njiani, mama".

Jana jibu lilikuja hewani. Mtangazaji alisema alifungua daftari, akashusha kidole mpaka kwa mawifi, akakukuta hapo chini yao. Wimbo hauko kwenye santuri, ndiyo maana dukani hakuna aujuaye. Bendi iliurekodi palepale studio, upo kwenye tepu yao tu. Unaitwa "Usinune, Mama Watoto." Akaupiga wote.

Mume anachelewa kurudi, Boay. Kazi ndiyo inamweka. Anaomba asifungiwe mlango.

Mama Paskalina aliacha kupepeta. Unajua alivyokuwa anakununia ukirudi na vumbi lako, hujatoa hata neno, unapiga mluzi tu. Alidhani unampuuza. Tangazo lilipopita akasema polepole, "Kumbe alikuwa ananiambia."

Leo amenipa kadi nimjazie. Wimbo tumeujua. Anayetuma: Mama Paskalina, Basotu. Kwenye wanaosalimiwa nikasita. Redio haipeleki salamu ulikokwenda. Akaniambia, "Andika mimi mwenyewe. Na ujumbe andika: sijanuna tena."

Nimeandika hivyo hivyo, Boay, sikuongeza hata nukta. Kesho napanda lori na kuitia kadi sandukuni posta kwa mkono wangu. Siku wakiisoma nitakuwa nimekaa naye, na akitaka kulia nitatoka nje nikaangalie ngano.

Lala salama, rafiki yangu. Mlango uko wazi.