Probox ya Davis na Toroli la Vumilia

Kharumwa,
Jumapili jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mwangaluka kwa namna yetu ya nyumbani. Natumaini Mageni anakusomea barua hii taratibu, bila kurukaruka mistari kama kawaida yake. Jicho bado linauma? Mama mdogo na ng'ombe hawajambo? Mimi mzima, na cherehani yangu nayo haijambo. Najua unasubiri habari za chumba nilichokuambia kinaweza kupatikana, uje ukae karibu na hospitali. Nitafika huko. Nianze kwanza na uwanja wetu, maana nimeona jambo ambalo mpaka sasa linanisisimua mwili.

Nyumba yetu ina geti moja, na wapangaji wote tunapita uwanja huo huo kwenda bombani na chooni. Davis, dereva wa Probox ya abiria wa Geita, hulaza gari ndani, kwa kuwa alipolilaza nje aliamka akakuta betri haipo. Vumilia hutoka alfajiri na toroli la chai na chapati, anawapelekea wachimbaji. Gari likiwa katikati, toroli halipiti. Vumilia anagonga dirisha, Davis anatukana na usingizi wake. Siku moja Vumilia akalazimisha, toroli likachubua mlango wa gari. Davis akatia geti kufuli lake mwenyewe. Jamani! Mzee Mayala, mwenye nyumba, akasema wasipopatana kabla ya mwezi kwisha, wote wawili wahame. Akanipa mimi kazi ya kuwasuluhisha, eti kwa sababu sina gari wala toroli.

Nilimsikiliza kila mmoja peke yake, huku nashona. Kisha nikawakutanisha na mikataba yao. Davis alishikilia kwamba analipia maegesho. Mkataba haukusema hivyo, ulisema uwanja ni wa wapangaji wote na njia isizibwe. Vumilia naye alidhani hakuna ruhusa ya gari kuingia. Hilo nalo halikuwemo. Wakabaki kutazamana kwa chuki, Baba, nami nikaona nimeshindwa. Ndipo nikawaambia neno moja ambalo nitakueleza hapo chini.

Baada ya hapo nikamwomba kila mmoja aeleze shida ya mwenzake, mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo yenyewe. Davis alikosea mara ya kwanza, akarudia. Aliposema kuwa Vumilia akichelewa wachimbaji wanakunywa kwa mwingine, na watoto wake wanashinda na uji mtupu, Vumilia alijifunika uso kwa kanga. Naye akasema Davis si mwenye gari, kikiibwa kitu anafukuzwa kazi. Davis aliniuliza huyu mama amejuaje. Lo! Mwaka mzima wametenganishwa na ukuta wa tofali moja tu.

Tukatoka uwanjani. Davis akaegesha kama siku zote, milango yote wazi, Vumilia akasukuma toroli, kila mmoja akaona kwa macho yake linapokwama. Kumbe tatizo ni rundo la matofali ya Mzee Mayala penye kona! Mzee akaridhia yahamishwe. Sasa gari linaingia kinyumenyume hadi konani, pua ikielekea getini, nasi tukachora mpaka kwa majivu. Toroli linalala karibu na geti. Kufuli ni moja, kila mpangaji ana ufunguo. Magari ya wageni yanabaki nje. Atakayekiuka ashtakiwe kwanza kwangu, asitukanwe. Waliandika, wakatia sahihi mbele ya Mzee Mayala, na mwezi ujao tutakaa tena tuone panapobana. Vumilia aliomba radhi kwa mlango wa gari. Davis alilitoa kufuli lake kwa mkono wake.

Sasa lile neno, Baba. Mzee Mayala alikuwa ameniahidi chumba cha Vumilia endapo wangeshindwa kupatana. Ndicho nilichokiwekea matumaini yako. Niliwaambia wote wawili kwamba wakigombana mimi napata faida, na kama hawaniamini wamtafute mwingine. Nilidhani watanifukuza. Vumilia akaniambia nikae. Davis akasema kama nimeweza kusema hilo, basi naye atasema ya kwake.

Kwa hiyo chumba hakipo. Cha kwangu ni kimoja, na baba hawezi kulala chumba kimoja na binti yake mtu mzima. Nitaendelea kutafuta, lakini sijui ni lini. Nalia ninapoandika, ila sijajuta, na hilo ndilo linanishangaza kuliko yote. Kama umenikasirikia, mwambie Mageni aandike hivyo hivyo, asinipambie.

Wasalimie wote hapo Didia, na jirani zetu wa upande wa kisima. Jicho usilipake majani tena, tafadhali. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mimi binti yako,
Zipora