Hotuba kwa Askari Waliochoka

Salma mjukuu wangu,

Huku Edmonton hatujambo, mamako mdogo kajifungua salama. Umeuliza niliwezaje kusema mbele za watu, na haya zangu zile.

Nilipokuwa skuli, mwalimu wa historia alinitaka niwe jemadari wa zamani, nihutubie askari waliochoka. Adui, akasema, atafika alfajiri. Nikasoma maneno ya utukufu. Wenzangu wakacheka: "Paza sauti, jemadari!"

Nikaweka karatasi chini.

"Funikeni baruti, umande usiiloweshe. Msifyatue mpaka muone vifungo vya makoti yao. Lengeni magoti, bunduki hizi hupiga juu. Mwenzako akianguka, sogea uzibe pengo."

Kicheko kikakatika. Bila kuambiwa, wakasogea bega kwa bega, wakaziba nafasi ya mwenzetu ambaye siku ile hakuja kwa ugonjwa. Mmoja akaninong'oneza, "Wako mbali bado?"

Nikageuka kutazama mlango.

Bibi yako akupendaye