Mwana wa Nuhu Aliyekataa Kupanda

Ifakara, 1906

Dada Balbina,

Shikamoo. Mpunga wetu umechomwa na askari wa Wadachi. Mwanangu Fridolin, aliyekunywa maji ya vita, amejificha milimani juu ya Sanje. Nimechoka naye, hata niliapa kutomtaja tena.

Wiki iliyopita nilimsimulia jirani yangu Mwislamu, Mzee Mshamu, habari za gharika: wana wote watatu wa Nuhu, Shemu, Hamu na Yafeti, waliingia safinani na wake zao.

"Kurani yasema mwana mmoja alikataa," akasema. "Alidai mlima utamkinga na maji. Wimbi likawatenga, akazama."

Nikafoka, "Unanisimanga!"

"Sikusimangi."

"Na baba yake hakumwombea?"

"Alimwombea, na Mungu akamjibu kwamba huyo si wa jamaa yake. Lakini hayo yalikuja baadaye, Wendelin. Kwanza baba alimwita: 'Ewe mwanangu, panda pamoja nasi.' Wewe umemwita lini?"

Nikaenda Sanje, nikapanda mlima nikiita mpaka sauti ikakauka. Akajibu kutoka msituni, "Baba, rudi nyumbani!" Hakushuka, mkaidi yule.

Kesho naondoka tena kwenda kumwita.

Mdogo wako,
Wendelin